Faida ya Yakini na Madalali Wasiokuwako

Mnamo mwezi wa Desemba 2020, maelfu ya watu wa nchi mbalimbali waliokuwa wamekabidhi mali zao kwa kampuni moja ya Stellenbosch, Afrika ya Kusini, iitwayo Mirror Trading International, walianza kuomba kurejeshewa amana zao, na badala ya fedha wakapewa maneno: leo kuna kazi ya kiufundi, kesho kuna ukaguzi, kesho kutwa mkurugenzi yu safarini. Mkurugenzi huyo, Johann Steynberg, kweli alikuwa safarini, maana alikwisha kwenda zake Brazil, na huko ndiko alikokamatwa mwaka mmoja baadaye, akiwa na hati za kughushi, katika mji wa Goiânia. Tume ya Marekani inayosimamia biashara ya bidhaa za miadi, ilipomfungulia mashitaka mwezi wa Juni 2022, ilisema kwamba kampuni yake ilikuwa imepokea bitkoini zisizopungua 29,421 kutoka kwa watu wa ulimwengu mzima, zenye thamani iliyozidi dola bilioni 1.7, na kwamba zote zilitumiwa kinyume na ahadi waliyopewa wenyewe.

Nimelichagua shauri hili, ingawa ni la mbali, kwa sababu ndani yake zimo hila zote ambazo leo zinawaendea vijana wetu wa Tanga, Mombasa na Dar es Salaam kupitia simu zao. Na kwa kuwa limekwisha kuchambuliwa na mahakama na wafilisi, tunaweza kulitazama mpaka ndani, jambo ambalo aghalabu haliwezekani kwa ulaghai mdogo mdogo unaozaliwa na kufa katika vikundi vya Wasapu na Telegramu pasipo kuacha daftari.

Kampuni ile ilisema nini? Ilisema kwamba mwanachama aweke bitkoini zenye thamani ya dola 100 au zaidi, nazo zitaingizwa katika hazina ya pamoja, na mashine yenye akili ya kompyuta itanunua na kuuza fedha za kigeni usiku na mchana kwa niaba ya wote, na faida itagawanywa kila siku, ikifikia takriban asilimia 10 kwa mwezi. Mwanachama hakuhitaji kujua lolote. Kila asubuhi alifungua ukurasa wake akaona hesabu imepanda kidogo, na akimleta jamaa yake alipata fungu katika amana ya jamaa huyo. Waliotaka kutoa fedha katika miezi ya mwanzo walizipata, tena kwa haraka, na hao ndio waliokuwa mashahidi wa kweli wa jambo la uwongo: walisimama mbele ya ndugu na majirani wakasema, mimi nimelipwa, na hawakusema uwongo, illa hawakujua kwamba walicholipwa ni amana ya aliyeingia nyuma yao.

Nchi yetu ya Tanzania haikuwa ngeni kwa mchezo huo. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaukumbuka mradi wa DECI, ambamo watu waliambiwa wapande fedha kama mbegu na kuvuna baada ya muda, hata serikali ilipoingilia kati yakabaki machozi. Tofauti ni moja tu: upatu wa zamani haukueleza sana faida inatoka wapi, ilhali huu wa leo una maelezo tayari, nayo ni soko la fedha za kigeni, ambalo lipo kweli, ni kubwa kweli, na watu wengi hawalifahamu. Uwongo uliofichwa nyuma ya kitu cha kweli ni mgumu zaidi kuufukua.

Hebu tuanze na ahadi yenyewe, kwa maana ndiyo ithibati ya kwanza, na mara nyingi yatosha. Asilimia 10 kwa mwezi, ikiwa faida inaachwa izae faida, huigeuza shilingi milioni 1 kuwa zaidi ya milioni 3 kwa mwaka mmoja, na baada ya miaka mitano huwa zaidi ya milioni 300. Mtu mwenye uwezo huo bila ya shaka yoyote angekwenda benki akakopa kwa riba ya kawaida, akanyamaza kimya, na kabla ya muongo kwisha angekuwa na mali ya nchi nzima. Asingekuwa na haja ya laki tano za mwalimu wa shule ya msingi, wala asingezitafuta kwa ujumbe wa usiku wa manane. Wanaoahidi asilimia 10 kwa siku wamezidi hapo kwa kiasi ambacho hesabu yenyewe yaona haya kukitamka.

Tena uko ushahidi ulio wazi kuliko hesabu. Mwaka 2018 Mamlaka ya Ulaya inayosimamia dhamana na masoko ilitaja uchunguzi wa akaunti za watu wa kawaida waliokuwa wakifanya biashara hii kwa madalali halali, ulioonyesha kwamba baina ya asilimia 74 na 89 ya akaunti hizo hupoteza fedha. Na tangu hapo dalali mwenye leseni huko Ulaya amelazimishwa kuandika, mahali panapoonekana, ni asilimia ngapi ya wateja wake wanaopata hasara. Basi tafakari: dalali wa kweli, anayetamani sana umletee fedha zako, amefungwa na sheria akuambie kwamba yumkini utazipoteza, na huyu asiyejulikana alikotoka anakuapia kwamba hutapoteza. Neno la yakini katika biashara ambayo haina yakini linamtambulisha msemaji wake upesi kuliko hati yake ya kuzaliwa.

Sasa tuingie katika vikundi vya ishara. Ishara, kwa maana yake ya halali, ni rai tu: mtu asema, nunua euro kwa bei hii, weka kikomo cha hasara hapa na cha faida pale. Huweza kuwa rai njema au mbaya. Walakini laghai hahitaji kujua soko hata kidogo ili aonekane bingwa. Tuseme ana watu 1,024 katika orodha zake, amewagawa makundi mawili. Nusu awaambia dhahabu itapanda, nusu awaambia itashuka. Kesho yake awaacha 512 aliowakosea, awagawa tena waliobaki, na baada ya siku tano hivi watakuwako watu 32 walioona kwa macho yao mtu huyu akipatia mara tano mfululizo pasipo kukosea hata mara moja. Hao 32 sasa wako tayari kuuza ng'ombe. Kila mmoja wao ana hoja mbele ya macho yake, na hakuna hata mmoja awezaye kuwaona wale 992 walioachwa njiani.

Ipo njia fupi zaidi, nayo ni kufuta. Katika kikundi ambacho msimamizi peke yake ndiye mwenye rukhsa ya kuandika, ishara iliyokosea huondolewa usiku na iliyopatia hubakia milele, na anayeuliza maswali hutolewa nje kabla wenzake hawajamsoma. Ukitaka kumjua mwenye kikundi, nakili kila ishara saa ile ile inapotoka, pamoja na bei na saa, kwa majuma kadhaa, pasipo kuweka hata senti moja. Kisha linganisha daftari lako na lake. Laiti watu wangefanya hivyo tu, vikundi vingi vingekufa vyenyewe. Na mtu akikuonyesha picha ya simu yake yenye faida kubwa, ujue kwamba programu ya MetaTrader hutoa akaunti ya mazoezi bure, yenye dola za kubuni kwa kiasi utakacho, na picha yake haitofautiani sana na ya akaunti ya kweli.

Kisha uulize: mwenye kikundi hula wapi? Wengine hutoza ada ya mwezi. Wengine husema ishara ni bure, ila sharti ujiandikishe kwa broka fulani kwa kiungo watakachokupa. Na hapo hulipwa ujira na broka huyo kwa kila biashara uifanyayo, ushinde ama ushindwe, na kwa baadhi ya mabroka hupewa fungu la hasara yako. Hilo la mwisho sharti lieleweke vizuri, kwa kuwa kuna broka anayepeleka oda zako sokoni, na kuna anayekuwa yeye mwenyewe upande wa pili wa biashara yako, hata unachopoteza kikawa chake. Wa namna hii si lazima awe mwizi, na sheria za nchi nyingi zinamruhusu. Ila mshauri wako akiwa anagawana naye hasara zako, ushauri wake umekwisha kuharibika kabla hajafungua kinywa.

Kutoka hapo ni hatua moja mpaka kwa broka asiyekuwako. Tumchukue kijana, tuseme ni fundi wa simu, ambaye baada ya majuma mawili katika kikundi ameambiwa afungue akaunti. Haambiwi aende katika duka la kawaida la programu. Apelekewa kiungo, apakua programu yenye chati zinazocheza na bei zinazofanana na za kweli, kwa sababu kunakili bei za soko ni jambo jepesi. Aambiwa aweke shilingi 500,000, na namba ya kulipia ni ya simu, iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Juma lijalo namba imebadilika, na jina ni jingine. Hapo pekee pangetosha kumzuia, maana kampuni yenye leseni ya kushika fedha za wateja haizipokei katika mfuko wa mtu. Lakini fedha zimekwenda, na katika programu tarakimu zimetokea, na baada ya siku tatu 500,000 zimekuwa 740,000.

Tarakimu hizo si fedha. Ni maandishi yaliyoandikwa na mwenye programu katika kompyuta yake, naye aweza kuandika milioni 7 kwa taabu ile ile. Kijana ajaribu kutoa 50,000, nazo zafika upesi, kwa kuwa ni chambo rahisi mno kwa mtu atakayerudi na milioni 2 za mkopo wa kikundi cha akiba. Watu wengi hudhani kwamba kutoa fedha kidogo ni mtihani wa kutosha. La, si wa kutosha. Mtihani wenye maana ni kutoa mtaji wote pamoja na faida, kabla hujaongeza chochote, na hata huo walioupita katika miezi ya mwanzo ya Mirror Trading International walikuwa wengi. Kulipwa kunathibitisha tu kwamba leo fedha zinazoingia ni nyingi kuliko zinazotoka.

Siku kijana atakapotaka zote, yatatokea masharti ambayo hayakuwapo siku ya kuweka: kwanza alipe kodi ya asilimia 15 ya faida, kisha ada ya kuthibitisha akaunti, kisha dhamana ya kuzuia utakatishaji wa fedha, kila moja kwa fedha mpya, isikatwe katika salio. Hii ndiyo alama nisiyoijua kuwa na udhuru wowote. Kama salio lipo, ada hukatwa humo. Na kodi ya serikali hulipwa kwa serikali, si kwa broka katika namba ya simu. Anayeombwa fedha ili apewe fedha zake mwenyewe amekwisha kuibiwa, na kinachosubiriwa ni kuona ataongeza kiasi gani.

Hali hiyo ya broka wa kubuni ilijitokeza waziwazi katika shauri la Stellenbosch. Mwanzoni kampuni ilitumia broka wa kweli, FXChoice wa Belize, na broka huyo alipotia shaka mwaka 2020 aliifunga akaunti ikiwa na bitkoini takriban 1,280 ndani yake, akaeleza kwamba biashara iliyofanyika ilikuwa ya hasara. Kampuni haikuwaambia wanachama habari hiyo kwa insafu. Iliwaambia kwamba imehamia kwa broka bora zaidi, aitwaye Trade300, na faida za kila siku zikaendelea kuandikwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Mamlaka ya Afrika ya Kusini inayosimamia mwenendo wa sekta ya fedha ilipomtafuta Trade300, haikumpata broka wa kweli nyuma ya jina hilo. Zile bitkoini zilizofungwa Belize ndizo wafilisi walizofanikiwa kuzirudisha. Ajabu ya mambo ni kwamba aliyewaokolea wanachama sehemu ya mali yao ni yule broka waliyeambiwa wamkimbie.

Sijasema kwamba kunakili biashara za mtu mwingine ni haramu au ni ulaghai daima. Mabroka halali wanayo huduma hiyo: akaunti yako inaunganishwa na ya mtu uliyemchagua, anaponunua nawe umenunua, na fedha zinabaki katika akaunti yenye jina lako. Hata hivyo humo mna mtego ambao hauhitaji uwongo wowote, na historia ya akaunti yenyewe ndiyo inayohadaa, kwa kuwa ni ya kweli. Mtego huo ni kuongeza dau maradufu kila unapokosea.

Nitaueleza kwa mfano. Mtu ana dola 1,000. Ananunua euro kwa kiasi kidogo kabisa, loti 0.01, ambapo kila nukta moja ya bei, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya dola, ni senti 10 kwake. Bei ikishuka nukta 20, hakubali hasara, bali hununua tena maradufu. Ikishuka nyingine 20, maradufu tena. Na bei ikigeuka kidogo tu, hufunga zote kwa faida ya dola chache. Kwa kuwa bei hugeuka mara nyingi, akaunti yake itaonyesha ushindi wiki hadi wiki, mstari umenyooka kama ngazi, na wanakili watamiminika. Sasa bei ishuke nukta 160 pasipo kugeuka, jambo ambalo ni senti 1.6 tu za dola kwa kila euro, na ambalo soko hulifanya mara kwa mara katika siku chache. Atakuwa amenunua mara nane, jumla loti 2.55, na hasara yake itakuwa dola 1,004. Akaunti imekwisha, yake na ya kila aliyemfuata. Na kwa kweli broka angemfungia hata kabla ya hapo, kwa kukosa dhamana ya kushikilia biashara kubwa kiasi hicho.

Namna ya kuutambua mtego huu kabla haujafyatuka ni kutazama namba mbili badala ya moja. Katika MetaTrader zimeandikwa `Balance` na `Equity`. Ya kwanza huhesabu biashara zilizofungwa tu. Ya pili hutia ndani na zile zilizo wazi. Mwenye kuficha hasara hukuonyesha ya kwanza, inayopanda daima, hali ya pili inazama chini yake. Ukiona pengo kubwa baina ya hizo mbili, au biashara zinazoachwa wazi siku nyingi bila kikomo cha hasara, au kiasi cha loti kinachopanda 0.01, 0.02, 0.04, 0.08, hapo huhitaji maelezo zaidi. Na anayekataa kukupa nywila ya kutazama tu, ambayo programu hiyo inayo na ambayo haimruhusu mtazamaji kufanya biashara, ana sababu ya kukataa. Kinyume chake, anayetaka umpe wewe nywila yako ya biashara, au fedha zako ziingie katika akaunti yenye jina lake, usiendelee naye.

Limebaki suala la leseni, nalo lina hila yake. Nchini Kenya, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hutoa leseni kwa madalali wa fedha za kigeni mtandaoni kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2017, na orodha ya wenye leseni imewekwa wazi kwa yeyote kuisoma. Kwetu Tanzania, wa kuulizwa ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na katika mambo ya fedha za kigeni ni Benki Kuu. Laghai analijua hilo, kwa hiyo huchukua jina na namba ya leseni ya kampuni ya kweli, akaibandika katika tovuti yake yenye herufi moja iliyobadilishwa. Cheti kilichotumwa kwa simu, basi, hakithibitishi kitu. Nenda mwenyewe katika orodha ya mamlaka, chukua humo anwani ya tovuti na namba ya simu ya kampuni, uwapigie kwa namba hiyo uwaulize kama akaunti uliyofunguliwa ni yao. Pia utambue kwamba hati ya kusajili kampuni si leseni ya kushika fedha za watu. Mirror Trading International ilikuwa kampuni iliyosajiliwa kihalali kabisa, na leseni ya biashara iliyokuwa ikiifanya haikuwa nayo.

Wapo wanaojua yote haya nao huingia kwa kusudi, wakisema watatoka mapema. Hao nawaomba wasome mwisho wa shauri lile. Mwezi wa Aprili 2023 Mahakama Kuu ya Western Cape iliutangaza mradi wote kuwa upatu haramu na mikataba yake kuwa batili tangu mwanzo, na wafilisi wakawa na njia ya kuwadai hata waliotoka na faida, kwa hoja kwamba faida ile ilikuwa amana ya wengine. Aliyewaingiza ndugu zake akapata fungu, amebaki na deni kwa wafilisi na lawama nyumbani.

Na wewe uliyekwisha kutuma fedha, na unasoma haya ukiwa umenyamaza kwa haya, usinyamaze. Acha kutuma leo. Usiwafokee wala usiwaage, kwani watafuta mazungumzo. Kwanza piga picha za ujumbe wote, namba zote, majina yaliyotokea wakati wa kulipa na risiti za miamala, kisha upeleke kwa kampuni ya simu na polisi upesi iwezekanavyo, maana fedha iliyo bado katika akaunti ya simu huweza kuzuiliwa na iliyokwisha kugeuzwa bitkoini ni shida kuirudisha. Kwa Tanzania, namba ya laghai itumwe 15040. Baada ya siku chache utatafutwa na mtu mwingine, akijiita wakili, mpelelezi au mtaalamu wa kompyuta, anayejua kiasi ulichopoteza na anayeahidi kukurudishia kwa ada ndogo ya mwanzo: amekijua kiasi hicho kwa sababu ameuziwa jina lako na waliokuibia, au ndio wao wenyewe. Usimpe kitu.